Kunyamaza si Kuridhia: Namba Ambayo Verizon Iliwabandika Wateja Wake

Desemba 2012, kampuni ya simu ya Verizon ya Marekani ilianza kuingiza namba ya utambulisho katika mawasiliano ya intaneti ya wateja wake. Mteja alipofungua tovuti kwa data ya simu, ombi lake lilipita kwenye mitambo ya kampuni, na humo likaongezewa mstari mmoja kabla ya kuendelea na safari. Mteja hakuuona mstari huo. Hata simu yake haikuujua, kwa sababu uliongezwa baada ya ombi kuondoka mkononi mwake. Aliyeuona ni mwenye tovuti, pamoja na kila kampuni ya matangazo iliyokuwa na kipande chake kwenye ukurasa ule. Mambo yalikwenda hivyo kwa karibu miaka 2, hadi Oktoba 2014 wataalamu wa faragha na waandishi wa habari walipoyaanika hadharani.

Kampuni za simu duniani zinapoulizwa kuhusu kuuza mienendo ya wateja kwa watangazaji, majibu huwa mawili. La kwanza ni kwamba mteja alikubali, kwa kuwa alipewa nafasi ya kukataa na hakukataa. La pili ni kwamba hakuna kilichouzwa, kwa kuwa jina la mteja halikutolewa. Kesi ya Verizon inafaa kuchunguzwa kwa sababu majibu yote mawili yalitolewa, na yote mawili tunaweza kuyapima kwa yaliyotokea.

Tuanze na kilichofanyika kwenye mitambo. Simu inapoomba ukurasa, hutuma maneno machache yaliyo wazi: inataka ukurasa gani, wa tovuti ipi, na kivinjari chake ni cha aina gani. Kwa mteja wa Verizon wa wakati ule, ombi lililofika kwenye tovuti lilikuwa na sura kama hii (namba niliyoiweka hapa ni ya mfano tu):

```
GET /habari HTTP/1.1
Host: example.com
User-Agent: Mozilla/5.0 (Linux; Android 4.4)
X-UIDH: OTgxNTk2MfanoTu7QL
```

Mistari mitatu ya juu ilitoka kwenye simu. Wa nne uliongezwa na kampuni. Namba ile ilikuwa ya mteja mmoja tu, na ilikwenda kwenye kila tovuti aliyoifungua bila usimbaji, yaani kwa anwani inayoanza na `http` badala ya `https`. Mwaka 2012 tovuti za namna hiyo zilikuwa nyingi mno.

Biashara yenyewe ilikwenda hivi. Ukurasa unapofunguka, nafasi ya tangazo hupigwa mnada kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kampuni ya matangazo inayoshiriki mnada huona namba ya X-UIDH, huiuliza Verizon namba hiyo ni ya mtu wa namna gani, na hujibiwa kwa kundi: mwanamke, umri kati ya miaka 25 na 34, anapenda michezo, anaishi eneo fulani. Makundi hayo yalijengwa kwa taarifa ambazo kampuni ya simu inazo kuliko mtu mwingine yeyote: mkataba wa mteja, anwani anayotumiwa bili na, kwa waliojiunga na mpango wake wa hiari, tovuti anazotembelea, programu anazotumia na mahali simu yake ilipo. Mtangazaji hulipa zaidi kwa nafasi hiyo kwa sababu sasa anajua anaongea na nani. Kampuni nayo husema kwamba jina na namba ya simu vimebaki kwake.

Kwa maana finyu hilo ni kweli. Lakini tazama kinachotokea tangazo linapobonyezwa. Tuseme mtangazaji amelipia wanawake wa umri huo wenye kipato cha kiwango fulani, anauza vifaa vya watoto wachanga. Mama mmoja anabonyeza, anaingia kwenye duka la mtangazaji, anaandika jina na anwani ili aletewe mzigo. Kuanzia hapo duka linajua kwamba mtu huyu, kwa jina lake, yumo katika kundi lile. Kampuni ya simu haikumtaja, ila ilifungua mlango uliomfikisha muuzaji kwake, na muuzaji akaunganisha mwenyewe. Kwa hiyo swali la kama data “iliuzwa” halijibiwi kwa kuangalia kama faili lenye majina lilitoka kampuni moja kwenda nyingine. Linajibiwa kwa kuangalia kama kuna mtu aliyelipa akapata kujua jambo kuhusu mteja ambalo asingelijua. Hapa alilipa, na alijua.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi, na ndilo lililoifikisha kesi hii kwa wasimamizi. Namba ile haikuonekana na wale tu waliokuwa wameingia mkataba na Verizon. Ilionekana na kila mtu. Verizon ilisema kwamba namba inabadilishwa mara kwa mara, na kwamba haielekei watangazaji wengine kuitumia kujenga kumbukumbu zao wenyewe. Januari 2015 mtafiti Jonathan Mayer wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha kwamba kampuni ya matangazo iitwayo Turn ilikuwa ikifanya jambo hilohilo.

Tuifuate hatua kwa hatua, maana hapa ndipo utetezi wa kampuni ulipovunjika. Kila kampuni ya matangazo huweka kwenye kivinjari chako kuki, yaani faili dogo lenye namba ya kukutambua utakaporudi. Kuki unaweza kuifuta, na watu wengi wanaojali faragha hufanya hivyo. Tuseme Jumatatu Turn imekuwekea kuki yenye namba A, na siku hiyo Verizon imekubandika namba 1. Turn inaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba A na 1 ni mtu mmoja. Jumanne unafuta kuki zote ukiamini umeanza upya. Unafungua ukurasa mwingine, na Turn haioni kuki yoyote, lakini inaiona namba 1. Inatazama kumbukumbu, inagundua kwamba 1 ni A, na inakurudishia kuki A pamoja na historia yako yote. Wiki inayofuata Verizon inabadilisha namba 1 kuwa 2. Sasa namba ni mpya, lakini kuki A ipo bado, kwa hiyo Turn inaandika kwamba A ni 2. Kuki inahifadhi kumbukumbu namba inapobadilika, na namba inahifadhi kumbukumbu kuki inapofutwa. Ili ujinasue ungelazimika kufuta kuki wakati uleule namba inapobadilishwa, na wakati huo hakuna anayekuambia.

Turn ilitangaza kuacha utaratibu huo baada ya kufichuliwa. Desemba 2016 ilifikia makubaliano na Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani, iliyokuwa imeishutumu kwa kuwapotosha watumiaji kuhusu uwezo wao wa kuzuia kufuatiliwa.

Sasa turudi kwenye ridhaa. Verizon haikuwa kimya kabisa. Mwaka 2011 iliwaarifu wateja kwamba sera ya faragha inabadilika, kwamba taarifa za tovuti, programu na mahali walipo zitatumika kwa ripoti za biashara na masoko, kwamba taarifa nyingine kama anwani zao zitatumika kwa matangazo, na kwamba asiyetaka ajiondoe kwa tovuti au kwa simu. Ambaye hakufanya chochote alihesabiwa kuwa amekubali. Wengi hawakufanya chochote. Mtu anayepokea bili ya simu anatafuta kiasi anachodaiwa na tarehe ya kulipa, na karatasi ya sera mpya ya faragha huishia kwenye taka pamoja na bahasha. Ukimya wa mtu wa namna hiyo una maana nyingi: huenda hakusoma, alisoma hakuelewa, alielewa akaahirisha, au kweli hakujali. Kampuni ilichagua maana moja kati ya hizo, ile inayoiingizia fedha, ikaiita ridhaa.

Hata hivyo, tuchukulie mteja mwangalifu kuliko wote, aliyesoma barua, akaelewa, akapiga simu na kujiondoa. Mteja huyu naye alibandikwa namba. Hadi mwishoni mwa Machi 2015, kujiondoa kulimaanisha tu kwamba Verizon haitaambatanisha taarifa zake na namba hiyo. Namba yenyewe iliendelea kwenda kwenye kila tovuti isiyosimbwa, na kampuni kama Turn ziliweza kuisoma. Sera ya faragha nayo haikuitaja namba hiyo hadi mwezi huohuo. Kwa zaidi ya miaka 2, basi, mtu aliweza kusema “hapana” kwa utaratibu uleule uliowekwa na kampuni, akapokewa, akathibitishiwa, na bado akaendelea kufuatiliwa kwa kifaa ambacho hakuwahi kuambiwa kipo. Kwangu mimi hili ndilo jambo zito kuliko yote katika kesi hii. Ridhaa ya kimya ina kasoro, lakini angalau mtu anaweza kuijadili. “Hapana” isiyofanya kazi ni udanganyifu.

Kampuni ya simu pia haifanani na tovuti. Tovuti ikikukera, unaiacha. Kivinjari kikikukera, unaweka kingine. Kampuni ya simu ndiyo njia ambayo vyote hivyo hupitia, na unailipa kila mwezi ikupitishie mawasiliano. Ukiingilia mawasiliano ya mtu akiwa kwenye huduma aliyoilipia, huwezi kujitetea kwamba amelipa huduma kwa data yake, kama wanavyodai wenye mitandao ya bure. Huyu alikwisha kulipa.

Machi 2016, Tume ya Shirikisho ya Mawasiliano ya Marekani ilimaliza uchunguzi wake. Verizon ilitozwa dola milioni 1.35, kiasi kidogo sana kwa kampuni ya ukubwa ule. Sharti ndilo lililokuwa na uzito: kuanzia hapo, kabla namba hiyo haijapelekwa kwa kampuni za nje, mteja lazima aseme ndiyo mwenyewe. Ukimya haukutosha tena, ingawa kwa matumizi ya ndani ya kampuni za Verizon zenyewe bado nafasi ya kujiondoa ilihesabika kuwa inatosha. Upenyo huo haukuwa mdogo. Mwaka 2015 Verizon ilikuwa imeinunua AOL, kampuni yenye mtandao mkubwa wa matangazo, na ndani ya mwaka huo ikaanza kuunganisha taarifa za wateja wa simu na mtandao huo. Mtangazaji wa nje alikuwa amekwisha kuwa mtu wa nyumbani.

Oktoba 2016 Tume ileile ilipitisha kanuni pana zaidi: kampuni yoyote inayotoa intaneti ingehitaji ridhaa ya wazi kabla ya kutumia au kugawa historia ya tovuti, matumizi ya programu na mahali mteja alipo. Kanuni hizo hazikupata kuanza kazi sawasawa. Machi 2017 Baraza la Seneti lilizifuta kwa kura 50 dhidi ya 48, Baraza la Wawakilishi likafuata kwa 215 dhidi ya 205, na Rais Donald Trump akasaini Aprili 3. Njia ya kisheria iliyotumika inaizuia Tume kutunga tena kanuni zinazofanana na hizo bila sheria mpya ya Bunge. Matokeo yalionekana. Mwaka 2021 kampuni ya T-Mobile iliwajulisha wateja wake kwamba kuanzia Aprili 26 data za tovuti na programu wanazotumia zingeingia katika mpango wa matangazo, isipokuwa kwa atakayejiondoa. Mwaka huohuo Verizon nayo iliwaingiza wateja katika mpango mpya wa aina hiyo. Tumerudi kwenye barua ya 2011.

Msomaji anaweza kuuliza kama hatari bado ipo leo, wakati karibu tovuti zote zinatumia `https`. Kwa namba ya X-UIDH, hapana. Ombi lililosimbwa kampuni haiwezi kulifungua na kuchomeka mstari katikati. Lakini usimbaji unaficha maudhui ya ukurasa, si safari nzima. Simu inapotafuta tovuti, kwanza huuliza jina la tovuti liko kwenye anwani gani, na kwa kawaida swali hilo huenda kwa mitambo ya kampuni ya simu. Kisha mwanzoni mwa mazungumzo yaliyosimbwa, jina la tovuti mara nyingi bado hutajwa wazi. Kampuni haioni umesoma makala gani kwenye tovuti ya kliniki ya saratani, ila inaona umeingia kwenye tovuti ya kliniki ya saratani saa saba za usiku, ukakaa muda gani, na ukarudi mara ngapi. Kwa mtangazaji hilo linatosha. Ripoti ya Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Oktoba 2021, iliyochunguza kampuni 6 kubwa za intaneti, ilieleza kwamba baadhi yao huwagawa wateja katika makundi yanayogusa mambo nyeti kama rangi na mwelekeo wa kijinsia, na kwamba kitufe cha kujiondoa mara nyingi kimefichwa au kinamchanganya mteja.

Tena kuna mahali mtu alipo. Kampuni hujitetea kwamba ramani za mienendo zimeondolewa majina. Mwaka 2013 kundi la watafiti lililoongozwa na Yves-Alexandre de Montjoye lilichunguza kumbukumbu za miezi 15 za simu za watu milioni 1.5, zisizo na jina hata moja. Waligundua kwamba alama 4 tu, kila moja ikiwa ni mnara fulani katika saa fulani, zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote katika asilimia 95 ya kesi. Fikiria mwenyewe: mnara wa nyumbani usiku, wa kazini asubuhi, wa msikitini Ijumaa adhuhuri, wa kijijini kwenu wakati wa sikukuu. Anayekufahamu kidogo tu anakupata. Jina linapoondolewa kwenye kumbukumbu kama hizo, kinachobaki bado ni wewe.

Ulaya wamejaribu njia nyingine. Mwaka 2023 Deutsche Telekom, Orange, Telefónica na Vodafone waliunda kampuni ya pamoja, Utiq, inayotengeneza namba ya kumtambua mteja kwa ajili ya matangazo kwa kutumia mtandao wa simu. Wazo lina undugu wa karibu na X-UIDH. Tofauti ni kwamba mtumiaji huulizwa kwanza kwenye tovuti, asiyebonyeza kukubali hapewi namba, na kuna ukurasa mmoja wa kufutia ridhaa yote. Mimi bado sioni kwa nini kampuni niliyoilipa inipitishie mawasiliano iwe na shughuli katika mnada wa matangazo. Lakini lazima nikiri kwamba hapa swali linaulizwa kabla, na “hapana” inazuia namba kutengenezwa.

Kwetu Afrika Mashariki sheria zimeandikwa vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019, kifungu cha 37, inakataza kutumia data binafsi kwa biashara bila idhini ya wazi ya mhusika, isipokuwa pale sheria nyingine iliyoandikwa inaporuhusu na mhusika alijulishwa data yake ilipokusanywa. Kifungu cha 32 kinamtwika anayetumia data mzigo wa kuthibitisha kwamba idhini ilitolewa. Chini ya sheria kama hiyo, barua ya 2011 ya Verizon ingekuwa na kazi ngumu. Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, ikaanza kutumika Mei 2023, na inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinatumikaje na haki ya kuzuia zisitumike kwa matangazo ya biashara. Uganda ina sheria yake tangu 2019.

Kinachotutofautisha na Mmarekani ni uzito wa namba yenyewe. Tanzania, laini husajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya kitambulisho cha taifa. Laini hiyohiyo ndiyo pochi ya fedha: inajua unanunua bando gani na siku gani, unamtumia nani hela, unakopa kiasi gani na unalipa lini. Mteja wa Verizon aliyefuatiliwa alikuwa msomaji wa tovuti na mwenye mkataba wa simu. Mteja wetu akifuatiliwa kwa namna ileile, zinaonekana pia karo ya mtoto, mchango wa msiba na dawa aliyonunua jana. Kukubali masharti kwa kubonyeza namba moja kwenye menyu ya `*` na `#`, skrini ikiwa na nafasi ya maneno machache na muda wa kusoma ukikatika wenyewe, hakuwezi kubeba uzito wa ridhaa kwa mambo kama hayo.

Kwa hiyo, mteja wa kampuni yoyote ya simu, haki hii uitumie. Iandikie kampuni yako barua au barua pepe, siyo kupiga simu, ili ubaki na nakala. Uliza ina taarifa gani kuhusu matumizi yako ya intaneti na mahali ulipo, inampa nani, kwa ridhaa ipi uliyoitoa lini, na ukikataa ni kitu gani hasa kinasimama. Swali hilo la mwisho usiliache, kwa maana ndilo ambalo wateja wa Verizon hawakujua kuliuliza. Ukikosa jibu, au ukipewa jibu la juujuu, peleka barua yako kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kama uko Tanzania, au kwa Kamishna wa Data kama uko Kenya. Ofisi hizo zimeundwa kwa kazi hiyo, na hufanyia kazi malalamiko yanayofikishwa kwao kwa maandishi.